Malipo ya chini ya kadi ya mkopo: kwa nini unalipa kila mwezi na deni halisogei

Wasomaji wanaoishi Marekani huniuliza swali hili tena na tena: "Nimelipa mwaka mzima, sijachelewa hata mara moja, mbona deni liko pale pale?" Wengine wameshaamini kwamba benki inawaibia. Hapana, hesabu ya benki iko sawa. Tatizo ni kwamba wanalipa yale malipo ya chini tu, kiasi ambacho chenyewe hupungua kila deni linapopungua, kwa hiyo mwendo wa kulimaliza haubadiliki hata wakilipa kwa uaminifu namna gani.

Mwongozo huu unaifuata hesabu hiyo kwenye stetimenti yako mwenyewe, kisha unakuonyesha jambo moja la kubadilisha. Kanuni na majina ya vipengele ni ya kadi zinazotolewa Marekani. Kadi ya Kenya au Uingereza ina masharti yake, ingawa riba hutafuna malipo kwa namna ile ile.

## Vitu vya kuwa navyo

- Stetimenti ya mwezi wa karibuni, PDF nzima. Programu ya simu haitoshi: inakuonyesha salio na kiasi cha kulipa, lakini jedwali la riba mara nyingi liko ukurasa wa mwisho wa PDF.
- Mkataba wa kadi, ule ulioitwa "Cardmember Agreement". Kama umepotea, upo kwenye tovuti ya benki.
- Kikokotoo cha simu.
- Kiasi unachoweza kutoa kila mwezi bila kulazimika kukichukua tena kwenye kadi hiyo hiyo. Kiandike kabla ya kuanza, maana ukishaona hesabu utashawishika kuahidi zaidi ya uwezo wako.

Mfano wetu ni wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba, akanunua tiketi ya haraka kwenda Moshi na kulipia gharama nyingine za safari kwa kadi. Amerudi Minnesota na deni la dola 3,000. Riba ya kadi yake ni 24% kwa mwaka. Kuanzia hapo hajaichanja tena kadi hiyo.

## Hatua ya 1: Tafuta namba nne

Ukurasa wa kwanza wa stetimenti una namba tatu: "New Balance", yaani deni lote siku stetimenti ilipofungwa, "Minimum Payment Due", kiasi cha chini wanachokudai, na "Payment Due Date", siku ya mwisho ya kulipa. Namba ya nne iko mwishoni, kwenye jedwali liitwalo "Interest Charge Calculation". Hapo utaona riba ya mwaka, APR, kwa kila aina ya deni.

Soma jedwali hilo mstari kwa mstari. Manunuzi yana mstari wake, pesa taslimu zina wao, na deni lililohamishwa kutoka kadi nyingine lina wake. Riba zao hutofautiana, na ya pesa taslimu mara nyingi ndiyo kubwa.

Tahadhari. Kwa wale wanaotuma pesa nyumbani kwa kuunganisha kadi ya mkopo na programu ya kutuma fedha: benki nyingi huhesabu muamala huo kama umechukua pesa taslimu. Utatozwa ada, riba itakuwa ya juu, na itaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Kama kuna kiasi kwenye mstari wa "Cash Advances" na hukumbuki kwenda kwenye mashine ya pesa, huenda kilitokea hapo. Utaona kwenye hatua ya 6 kwa nini mstari huo ni mgumu kufutika.

Umefanikiwa ukiwa na namba nne kwenye karatasi. Kwa mfano wetu: deni 3,000, malipo ya chini 90, siku ya mwisho, na riba 24%.

## Hatua ya 2: Pata riba ya mwezi mmoja

Gawa riba ya mwaka kwa 12, kisha zidisha kwa deni. Asilimia 24 ukigawa kwa 12 unapata 2 kwa mwezi. Asilimia 2 ya dola 3,000 ni dola 60.

Benki yenyewe haihesabu kwa mwezi. Inagawa riba ya mwaka kwa siku 365 na kuitoza siku baada ya siku, kwa hiyo deni hili linazaa takriban dola 1.97 kila siku, zikiwemo Jumapili na sikukuu. Ndiyo maana mwezi wa siku 31 una riba kubwa kidogo kuliko Februari. Kwa kazi yetu hesabu ya mwezi inatosha. Linganisha tu na kiasi kilichoandikwa "Interest Charged" kwenye stetimenti. Vikikaribiana, uko sawa.

Vikitofautiana sana, kuna mambo mawili ya kuangalia. Ama deni lako lilipanda na kushuka ndani ya mwezi, maana benki hutumia wastani wa deni la kila siku, ama una madeni ya riba mbili tofauti kwenye kadi moja.

## Hatua ya 3: Pasua malipo ya chini vipande viwili

Fungua mkataba utafute sehemu inayoeleza jinsi malipo ya chini yanavyopatikana. Kwenye kadi nyingi za benki kubwa za Marekani kanuni ni hii: asilimia 1 ya deni, jumlisha riba ya mwezi huo, jumlisha ada ya kuchelewa kama ipo. Kisha kuna sakafu, kiasi ambacho malipo hayashuki chini yake hadi deni lenyewe liwe dogo kuliko hapo. Sakafu hutofautiana kati ya kadi na kadi. Kwenye mfano wetu ni dola 35.

Sasa pasua. Malipo ya chini ni dola 90. Dola 60 ni riba. Dola 30 ndizo zinazogusa deni lenyewe.

Mwezi unaofuata deni ni 2,970. Umetoa 90 mfukoni, limeshuka 30. Hakuna kosa lolote hapo. Kanuni imesema asilimia 1 ya deni, na asilimia 1 ndiyo iliyoondoka.

Wengine wana kadi ya chama cha akiba na mikopo, vile vinavyofanana na SACCOS za nyumbani. Vile vya shirikisho haviruhusiwi kutoza riba inayozidi 18%, na watu hudhani hiyo pekee inawaokoa. Angalia kanuni kwanza. Kama malipo ya chini ni asilimia 2 ya deni pamoja na riba ndani yake, basi kwa dola 3,000 utalipa 60, ambapo 45 ni riba na 15 tu ndizo zinazopunguza deni. Riba ni nafuu, lakini deni linashuka nusu ya mwendo wa mfano wetu, kwa sababu malipo yenyewe ni madogo mno.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Kati ya hizi dola fulani ninazolipa, fulani ni riba, na fulani ndizo zangu."

## Hatua ya 4: Fuata deni kwa miaka

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanachukua dola 30 za mwezi wa kwanza, wanagawa 3,000 kwa 30, wanapata miezi 100 na kusema, haya, miaka minane na kitu. Lakini hizo dola 30 hazibaki 30. Asilimia 1 ya deni dogo ni kiasi kidogo. Deni likifika 2,000, malipo ya chini yameshuka hadi dola 60, na zinazopunguza deni ni 20 tu.

Kwa mfano wetu, kama hakuna chochote kipya kinachoongezwa, mambo yanakwenda hivi:

- Baada ya mwaka 1, amelipa jumla ya dola 1,022 hivi. Deni limeshuka kwa dola 341 tu, liko kwenye 2,659.
- Baada ya miezi 69, yaani miaka 5 na miezi 9, deni limefika nusu, dola 1,500. Kufika hapo ametoa dola 4,500.
- Baada ya miezi 94 malipo yanagonga sakafu ya dola 35 na kuacha kushuka. Deni ni kama 1,166.
- Analimaliza mwezi wa 150. Miaka 12 na nusu. Jumla aliyotoa ni karibu dola 7,440, na kati ya hizo 4,440 ni riba.

Itazame tena hiyo ya miezi 69. Ametoa mara moja na nusu ya deni lake la mwanzo, na bado anadaiwa nusu.

Sakafu ya dola 35, ambayo watu huilalamikia kwa sababu inawazuia kulipa kidogo zaidi, ndiyo pekee inayolimaliza deni hili. Bila sakafu, asilimia 1 ya kinachobaki ingeendelea kupungua bila kufika sifuri.

Tahadhari. Malipo ya chini yanaposhuka mwezi hadi mwezi, programu ya simu inaonyesha kiasi kidogo kuliko cha mwezi uliopita, na mtu hufurahi. Anaona amepata nafuu. Kumbe huo ndio urefu wa deni unaoongezeka.

## Hatua ya 5: Soma kisanduku cha onyo

Sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009, iitwayo CARD Act, inazilazimisha benki kuweka hesabu hii kwenye stetimenti. Tafuta maneno "Minimum Payment Warning" ukurasa wa kwanza. Chini yake kuna jedwali dogo lenye mistari miwili.

Mstari wa juu unasema ukilipa kiwango cha chini tu utamaliza baada ya miaka mingapi na utakuwa umetoa jumla ya dola ngapi. Mstari wa chini unakupa kiasi cha kulipa kila mwezi ili umalize kwa miezi 36. Kwa mfano wetu kiasi hicho ni dola 117.70, na riba yote ingekuwa karibu dola 1,237.

Kisanduku hiki ni cha kuaminika, lakini kina masharti mawili ambayo watu huyaruka. Kinadhani hutachanja kadi tena, na kinadhani riba haitabadilika. Riba za kadi nyingi hupanda na kushuka, na ukichelewa kwa zaidi ya siku 60 benki inaweza kuipandisha riba ya deni ulilonalo. Ikitokea moja ya hayo, namba za kisanduku zinahesabiwa upya mwezi unaofuata.

Kama miaka inayotajwa kwenye stetimenti ya mwezi huu ni sawa na ya miezi sita iliyopita, ni dalili kwamba hujasogea sana.

## Hatua ya 6: Gandisha kiasi

Hili ndilo badiliko lenyewe, nalo si lazima liongeze hata senti moja kwenye unacholipa leo. Mtu wetu mwezi huu analipa dola 90. Na aendelee kulipa 90 mwezi ujao, na mwezi wa kumi, na mwezi wa arobaini, hata benki ikimwomba 70 au 50.

Mwezi wa kwanza hakuna tofauti. Lakini kila deni linaposhuka, riba inakuwa ndogo, na kwa kuwa malipo hayajashuka, kile riba ilichoacha kinaingia kwenye deni. Likifika 2,000, riba ni 40 na deni linapungua kwa 50, badala ya zile 20 za hatua ya 4.

Deni la dola 3,000 kwa dola 90 zisizobadilika linakwisha baada ya miezi 56, yaani miaka 4 na miezi 8. Riba ni karibu dola 1,993. Linganisha na miezi 150 na riba ya 4,440. Mtu ni yule yule, malipo ya mwezi wa kwanza ni yale yale. Akiweza kufika dola 150, ni miezi 26 na riba ya dola 870 hivi.

Kupata miezi yako mwenyewe, fungua Excel au Google Sheets. Mstari wa kwanza unakupa idadi ya miezi kwa malipo ya 90. Wa pili unakupa malipo ya kumaliza kwa miezi 36. Badilisha riba, malipo na deni viwe vyako.

```
=ROUNDUP(NPER(0.24/12,-90,3000),0)
=PMT(0.24/12,36,-3000)
```

Mstari wa kwanza ukileta kosa la `#NUM!`, malipo uliyoandika hayafiki hata riba ya mwezi, na deni haliwezi kwisha kwa kiasi hicho.

Kisha ingia kwenye programu ya benki, sehemu ya "AutoPay". Utakuta chaguo kama tatu: kiwango cha chini, salio lote la stetimenti, au kiasi maalumu. Chagua kiasi maalumu uandike 90. Wengi wameacha kwenye kiwango cha chini tangu siku walipofungua kadi na hawajarudi kuangalia.

Tahadhari. Kiasi maalumu kisiwe chini ya malipo ya chini ya mwezi wowote. Riba ikipanda au ukitozwa ada, malipo ya chini yanaweza kupita 90, na kulipa pungufu kunahesabika kama hujalipa. Tazama kila stetimenti inapotoka. Sheria inataka itumwe angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho.

Turudi kwenye ule mstari wa pesa taslimu. Kama kadi yako ina madeni ya riba tofauti, benki inaruhusiwa kupeleka kiwango cha chini kwenye deni la riba ndogo. Kinachozidi hapo ndicho ambacho sheria, kwa kawaida, inalazimisha kiende kwenye deni la riba kubwa zaidi. Kwa hiyo anayelipa kiwango cha chini tu anaweza kukaa miaka huku deni la riba kubwa halijaguswa. Hata dola 20 juu ya kiwango cha chini zinakwenda pale panapouma.

## Hatua ya 7: Acha kuichanja kadi yenye deni

Kwenye mfano wetu, mwezi wa kwanza deni lilipungua dola 30. Sasa fikiria mtu huyo huyo analipa kiwango cha chini, lakini anajaza mafuta ya gari ya dola 30 mara moja kwa mwezi kwa kadi hiyo. Basi. Deni limesimama pale pale, na amelipa 90. Wengi wanaoniambia deni halishuki kabisa, tukipitia stetimenti tunakuta kitu kama hiki: usajili wa video, bili ya simu, kitu kidogo kinachojikata chenyewe ambacho hawakihesabu kama "kutumia kadi".

Kuna jambo la pili. Kadi nyingi hutoa muda usio na riba kwa manunuzi mapya, lakini kwa yule tu anayelipa salio lote. Ukibeba deni kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, muda huo unapotea, na mafuta unayojaza leo yanaanza kuzaa riba leo. Kuupata tena kwa kawaida ni lazima ulipe salio lote, kwa kadi nyingine miezi miwili mfululizo.

Hamisha malipo yanayojikata yenyewe kwenda kadi ya benki ya kawaida, inayotoa pesa zako mwenyewe. Ifute kadi yenye deni kwenye maduka ya mtandaoni ilikohifadhiwa.

Umefanikiwa ukiona kwenye stetimenti ijayo mstari wa "Purchases" wa muhtasari wa akaunti, si ule wa jedwali la riba, unasoma $0.00.

## Hatua ya 8: Pima kila mwezi

Usipime kwa salio peke yake. Pima kwa riba. Weka stetimenti mbili zinazofuatana kando kando utazame "Interest Charged". Kwa malipo yaliyogandishwa, riba inatakiwa kushuka kila mwezi: 60, kisha 59.40, kisha 58.79. Ni senti tu mwanzoni, na hilo lisikustue, kwa sababu miezi ya mwanzo ndiyo riba inakula zaidi. Miezi mifupi na mirefu itaiyumbisha kidogo, lakini kwa miezi mitatu mwelekeo uwe wa kushuka. Ikipanda, ama kuna manunuzi umeyasahau, ama riba imepandishwa.

Kama hata dola 90 hazipatikani, usinyamaze hadi uchelewe. Piga namba iliyo nyuma ya kadi uulize kama wana mpango wa wateja waliokwama. Benki nyingi wanao, na unaweza kupunguziwa riba kwa muda. Njia nyingine ni washauri wa madeni wasiofanya biashara. Kwenye kile kisanduku cha onyo kuna namba ya simu ya kukuelekeza kwao, na wengi wako chini ya mwavuli wa NFCC, shirika la kitaifa la washauri hao. Wao hupanga na benki riba ishuke, nawe unalipa kiasi kimoja kila mwezi, kwa kawaida huku kadi ikiwa imefungwa.

Wakwepe wanaokupigia simu na kukuambia uache kulipa benki, uwape wao pesa wakusanye. Tangu 2010 kanuni ya shirikisho inakataza kampuni za namna hiyo zinazouza huduma kwa simu kutoza ada kabla hazijapunguza deni lolote. Anayetaka ada kwanza amejitambulisha.

## Hatua ya 9: Funga vizuri

Siku utakapolipa salio lote la stetimenti, usifute AutoPay jioni hiyo. Riba huhesabiwa kila siku, kwa hiyo kati ya siku stetimenti ilipofungwa na siku malipo yako yalipoingia, deni liliendelea kuzaa. Stetimenti inayofuata inaweza kuja na dola 4 au 7 ambazo hukuzitarajia.

Watu huzipuuza wakidhani ni kosa, zinageuka kuwa malipo yaliyochelewa, na ada ya kuchelewa inaongezwa juu. Zilipe, subiri stetimenti nyingine, na ukiona riba na "New Balance" vyote viko $0.00, hapo ndipo deni limekwisha.